Nzi weupe wako kila mahali, pingili safi zinasaidia nini?

*Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa tatu, nafanya mafunzo kwa vitendo hapa Dar. Tumekagua shamba la mihogo la ekari moja Chanika, aina ya Kiroba, miezi mitatu. Katika mimea 30, minne ina ugonjwa wa batobato kwenye majani ya juu tu, na hakuna hata mmoja wenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mkulima anataka kuuza pingili mwakani, msimamizi wangu anasema bado tusimruhusu. Mimi naona nzi weupe wamejaa kila shamba, ugonjwa wataleta tu hata ukipanda mbegu safi. Si afadhali tupulizie dawa?*

Marahaba. Nianze na hiyo mimea minne ya batobato, maana imekwambia mengi kuliko ile 26 iliyobaki, na umeandika neno moja la thamani sana: "ya juu tu".

Pingili iliyokatwa kwenye mti wenye batobato huchipua ikiwa na virusi ndani yake. Jani la kwanza kabisa linatoka na mabaka ya njano na kijani kibichi, vipande vyake vimejikunja, na mmea unadumaa tangu udogoni. Mmea uliopandwa safi na kuambukizwa na nzi baadaye una sura nyingine. Majani yaliyokwisha kukomaa kabla nzi hajafika hubaki mazima, na mabaka huanzia kwenye yale yaliyokuwa machanga wakati ule au yaliyozaliwa baadaye. Piga magoti, anza kuhesabu kutoka chini kwenda juu, weka kidole kwenye jani la kwanza lenye mabaka. Kwa kuwa dalili huchukua kama wiki tatu hadi tano kujitokeza baada ya nzi kuingiza virusi, unaweza hata kukisia aliuma lini. Minne yako ilipandwa safi, na nzi waliiambukiza msimu huu huu. Kwa hiyo ni kweli kwamba Chanika nzi wanafanya kazi. Hapo hatubishani.

Kanuni hiyo ina mipaka yake. Kiangazi kikikaza, majani ya chini hupukutika na ushahidi wako unaanguka nayo. Aina zenye ukinzani nazo huweza kuonyesha mabaka mwanzoni kisha majani mapya yakatoka mazuri, ukadhani mmea haujawahi kuugua. Halafu kuna utitiri wa kijani, ambao hunyonya majani machanga na kuyaachia vitone vya njano vidogo kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano. Ukitazama kwa haraka utaandika batobato. Geuza jani, litazame kwa lenzi ya mkononi, utitiri utauona unatembea.

Kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya ni kuichukua kanuni ya batobato na kuipeleka kwenye michirizi ya kahawia. Huko haifai hata kidogo. Dalili za michirizi hujionyesha kwenye majani yaliyokomaa ya chini, awe kirusi ametoka kwenye pingili au kwenye nzi, na majani machanga ya juu huonekana mazuri kabisa. Mtu anayepita shambani akiwa amesimama wima, macho yake yakiwa usawa wa kilele, atatoka na sifuri kila mara. Lazima uiname, ushike jani la chini ambalo bado ni la kijani kwa jumla, uliinue kwenye mwanga. Rangi ya njano inaanza pembezoni mwa mishipa midogo, ile ya daraja la pili na la tatu, ikitawanyika kama unyoya, na sehemu zilizo mbali na mshipa zinabaki kijani. Baadaye madoa huungana yakawa mabaka yasiyo na umbo. Jani linalozeeka lenyewe hugeuka njano karibu lote kwa pamoja na kuning'inia. Jani la michirizi linaweza kukaa muda mrefu na mabaka yake likiwa limeshika vizuri. Kisha pitisha macho kwenye shina, sehemu ambayo bado ni ya kijani, utafute mistari ya rangi ya zambarau inayoelekea kahawia. Jina la ugonjwa limetoka hapo, ingawa si kila mmea mgonjwa una mistari hiyo.

Na mara nyingi hakuna dalili ya kuona mpaka siku ya kung'oa. Muuza mihogo ya kukaanga anamenya muhogo uliovutia sokoni, anaupasua, anakuta ndani doa kavu la kahawia, gumu kama kizibo cha chupa, limeenea kwenye nyama nyeupe. Haunuki, hautoi maji. Huo ni uozo mkavu wa michirizi. Muhogo ulioozea kwenye udongo wenye maji mengi ni laini na unanuka, usiuchanganye na huu.

Sasa nzi wenyewe. Mdudu ni mmoja, Bemisia tabaci, lakini magonjwa haya mawili anayabeba kwa namna mbili tofauti, na jibu la swali lako limekaa ndani ya tofauti hiyo.

Virusi vya batobato, ambavyo vina jenomu ya DNA, hupita mwilini mwa nzi. Akinyonya mmea mgonjwa, virusi vinateremka tumboni, vinapenya ukuta wa utumbo, vinaingia kwenye majimaji ya mwili na kuishia kwenye tezi za mate. Safari hiyo inachukua muda. Anahitaji kama saa tatu na nusu za kunyonya ili avipate, kisha kama saa nane za kusubiri, ndipo aweze kuambukiza, na kuambukiza kwenyewe dakika kumi zinatosha. Akishakuwa navyo anakaa navyo siku tisa au zaidi. Nzi wa namna hiyo anaweza kupeperushwa na upepo kutoka shamba la mbali akafika Chanika bado ana mzigo wake.

Virusi vya michirizi ni vya RNA, viko viwili, CBSV na UCBSV, na havipiti mwilini kiasi hicho. Hushikilia sehemu za mbele za njia ya chakula ya nzi. Anavipata haraka sana, kwa dakika tano hadi kumi, na anavipoteza haraka pia, ndani ya siku moja au mbili. Nzi anayeruka mbali, akitua hapa na pale, huwa ameshavimaliza njiani. Majaribio ya shambani yameonyesha kuwa kwa msimu mmoja ugonjwa hauendi mbali na chanzo chake, mita 17 hivi ndiyo ilikuwa mwisho wake, na mimea mingi inayoambukizwa iko karibu zaidi ya hapo. Basi ukisikia michirizi imeonekana kwenye wilaya ambayo haikuwa nayo, usianze kumtafuta nzi aliyeruka kilomita 60. Tafuta gari lililobeba mafungu ya pingili.

Tuchukue shamba lako na tulifanyie hesabu. Ekari moja ina kama mita za mraba 4,000, na kwa nafasi ya mita moja kwa moja ina mimea 4,000. Tuseme pingili zilizopandwa zilikuwa na michirizi kwa asilimia 2 tu, kiwango ambacho wengi wangekiita safi. Hiyo ni mimea 80 migonjwa, imetawanyika ovyo ndani ya ekari, kwa sababu mkulima alizichanganya pingili alipozikata na kuzifunga. Gawanya 4,000 kwa 80: kila mmea mgonjwa una eneo la mita za mraba 50, yaani mraba wa mita saba kwa saba. Karibu kila mmea mzima shambani una mgonjwa ndani ya mita chache kutoka ulipo. Nzi hana haja ya kusafiri. Ananyonya huku, anaruka mistari mitatu, ananyonya kule, na dakika zake kumi zimetosha.

Linganisha na ekari ileile iliyopandwa safi kabisa, ila jirani upande mmoja ana shamba bovu. Nzi wanaovuka mpaka wataambukiza ukanda wa mita kumi, kumi na tano hivi upande ule, na kadiri unavyoingia ndani wagonjwa wanapungua. Katikati na upande wa pili panabaki pazima msimu huo. Nzi ni walewale, idadi ileile, hewa ileile ya Chanika. Tofauti ni mahali chanzo kilipo. Pingili chafu humpandia nzi vyanzo 80 katikati ya shamba lako. Pingili safi humlazimisha aanzie pembeni.

Hesabu hiyo haisemi kwamba kila mmea ulio ndani ya mita 17 utaugua. Inasema tu kwamba umefikika. Wangapi wataugua kweli inategemea wingi wa nzi, aina ya muhogo, na umri wa mmea siku alipotua. Na umri una uzito mkubwa hata kwenye mavuno: mmea uliozaliwa na ugonjwa kutoka kwenye pingili hupata hasara kubwa kuliko ule ulioambukizwa na nzi ukiwa na miezi sita au saba, ambao mizizi yake ilikwisha kujaa kiasi. Kwa batobato jambo hili linaonekana kwa macho, mmoja umedumaa, mwingine umesimama sawa na wenzake.

Kisha inakuja mwakani, na hapo ndipo msimamizi wako ana hoja. Mmea mmoja uliokomaa hutoa kama pingili kumi. Ekari ya mimea 4,000 inatoa pingili 40,000, zinapanda ekari kumi. Ikiwa asilimia 2 ya mwanzo imeongezwa na nzi ikafika, tuseme, 15 kufikia mavuno, basi pingili 6,000 chafu zitagawanywa kwenye mashamba ya watu kumi, na kila mmoja ataanza msimu na wagonjwa 600 kwa ekari. Chukua tena kikokotoo: mita za mraba 6.7 kwa kila chanzo. Nzi hata kuruka hahitaji sana. Ndiyo maana tunasema nzi husambaza ugonjwa ndani ya msimu, na binadamu huuvusha kutoka msimu hadi msimu na kutoka wilaya hadi wilaya. Nambari hizo za asilimia nimezichagua mimi ili uione njia. Za kwako utazipata shambani.

Dawa, basi. Sababu ya kwanza ya kutokuitegemea tayari unayo: nzi huingiza virusi vya michirizi ndani ya dakika, na dawa nyingi zinamuua baada ya kunyonya. Umemuua mwambukizaji, mmea umeshaambukizwa. Ya pili, yai, watoto na wakubwa wote hukaa upande wa chini wa jani, wakati bomba la mgongoni huwanyeshea juu. Kizazi kimoja kwenye joto letu ni kama wiki tatu, na wakubwa wapya wanaingia kila siku kutoka kwa jirani asiyepuliza. Nzi huyu amekuwa sugu kwa dawa nyingi sehemu mbalimbali za dunia. Na kwa mihogo yetu kuna jambo ambalo vitabu vya nje havilitaji: watu wanachuma kisamvu kwenye shamba hilohilo. Utapulizia asubuhi, jioni mtoto anatumwa akachume mboga.

Turudi kwenye sifuri yako ya 30. Mimea 30 kwa kufuata mistari miwili ya kona hadi kona, umbo la X, ndiyo desturi ya ukaguzi wa mihogo, na inafaa kwa kazi yake ya kulinganisha mashamba mengi katika mkoa. Kuthibitisha kwamba shamba moja ni la mbegu ni kazi nyingine. Uwezekano wa kupata sifuri hata kama ugonjwa upo unapatikana hivi:

```
P = (1 - p)^n
```

Hapo p ni sehemu ya mimea migonjwa shambani na n ni idadi uliyokagua. Kama shamba lina ugonjwa kwa asilimia 10, kupata sifuri katika 30 ni 0.9 kwa kipeo cha 30, yaani 0.04, ni nadra. Kwa asilimia 5 inakuwa 0.21, mara moja katika tano. Kwa asilimia 1 ni 0.74. Kwa maneno mengine, shamba lenye mimea 40 migonjwa katika 4,000 litakupa sifuri mara tatu katika kila mara nne. Ili uweze kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba ugonjwa hauzidi asilimia 1, unahitaji kukagua mimea kama 300 na kukuta sifuri. Kwa asilimia 5 inatosha 59. Ukisahau fomula, gawanya 3 kwa idadi ya mimea uliyokagua: 3 kwa 30 ni asilimia 10, hicho ndicho kiwango cha juu ambacho sifuri yako haijakiondoa.

Na hayo yote yanadhani jicho lako halikosei. Jicho linakosea, hasa kwa Kiroba. Aina hii imependwa sana pwani kwa sababu huvumilia michirizi: virusi vinaweza kuwemo, majani yakaonyesha kidogo au yasionyeshe, na mizizi ikatoka mizuri. Kwa mlaji hiyo ni neema. Kwa anayetafuta mbegu ni mtego, kwani mkulima anachagua pingili kwenye mti uliozaa vizuri, akiamini ni mzima, kumbe amechagua mti uliobeba virusi kimyakimya. Ukichukulia kwamba dalili zinaonekana kwenye nusu tu ya mimea migonjwa, basi shamba lenye asilimia 10 linaonekana kwako kama la asilimia 5, na uwezekano wa kupata sifuri unarudi kwenye ule 0.21. Aina ya Namikonga, kizazi cha kazi ya uzalishaji mbegu iliyofanyika Amani kuanzia miaka ya 1930, ina ukinzani wa kweli zaidi, lakini nayo usiiandikie cheti kwa kuiangalia tu.

Kwa hiyo lazima kipimo. Maabara ya TARI Mikocheni hapa Dar ina uzoefu na virusi hivi, na utaratibu ukiuelewa hutapeleka sampuli mbovu. Chuma jani la chini lililokomaa ila halijaanza kuzeeka, kwa sababu virusi vya michirizi havijatapakaa sawasawa ndani ya mmea na jani la kilele linaweza kutokuwa navyo kabisa. Libane kati ya karatasi kavu, badilisha karatasi kila siku mpaka likauke, usilifungie kwenye mfuko wa plastiki likavuta jasho. Jani lililooza halina RNA ya kupima. Muhogo una ute na kemikali nyingi zinazozuia PCR, kipimo kinachokuza vipande vya DNA, ndiyo maana watu wa maabara hutumia kemikali za CTAB pamoja na PVP wanapotoa RNA. Baada ya hapo RNA inageuzwa kuwa DNA na kukuzwa. Kwa vianzishi vinavyotumika sana, bendi ya UCBSV, yaani mstari wa DNA yake kwenye jeli, inakaa karibu na jozi 440 za besi na ya CBSV karibu na 344, hivyo jeli moja inakuonyesha kimoja, kingine, au vyote viwili.

Jambo la kulishikilia ni kidhibiti cha ndani, yaani jeni ya muhogo wenyewe inayopimwa kwenye sampuli ileile. Kama jeni ya muhogo haikutokea, sampuli yako haikufanya kazi, na kukosekana kwa bendi ya kirusi hakuna maana yoyote. Nimeona ripoti zikiandika "hakuna kirusi" mahali palipostahili kuandikwa "kipimo kilishindwa". Kabla hujapokea jibu, omba uonyeshwe safu ya kidhibiti.

Kupima majani 300 moja moja ni gharama. Unaweza kuyachanganya, lakini fikiria unachopoteza. Jani moja gonjwa ndani ya kumi limezimuliwa mara kumi, na kwenye mashine ya PCR ya wakati halisi hilo linasogeza namba ya Ct, yaani mzunguko ambao kirusi kinaanza kuonekana, kwa mizunguko kama 3.3. Mmea ulioathirika sana wenye Ct 22 utaonekana kwenye 25 bila shida. Kiroba yenye virusi kidogo, Ct 34, itasogea hadi 37 na kupotea kwenye ukungu wa mwisho. Kwa aina inayovumilia ningechanganya matano kwa matano, vipimo 60, mteremko wa mizunguko 2.3. Kundi likitoa chanya, unarudi kwenye majani yake matano moja moja, kwa hiyo kila jani lazima liwe limewekewa alama na nusu yake imehifadhiwa.

Mbegu safi yenyewe inatoka wapi? Chanzo chake ni mmea ulioondolewa virusi kwa joto na ncha ya kilele. Mmea hukaa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 38 kwa wiki kadhaa, kisha hukatwa ncha ndogo ya kilele isiyofika nusu milimita, ambayo mara nyingi virusi havijaifikia, na kukuzwa kwenye chupa. Kila mmea uliotoka humo hupimwa, kwa sababu wengine hutoka bado wana virusi. Wazima huzidishwa kwenye nyumba ya wavu usiopitisha nzi, halafu shambani daraja kwa daraja chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, hadi mbegu ya kuazimiwa ubora inayozalishwa kijijini. Kila daraja linaloshuka linakaa wazi kwa nzi msimu mmoja zaidi. Kwa hiyo neno "safi" lina tarehe yake: lilikuwa kweli siku ya kipimo, na msimu uliofuata linaanza kupungua nguvu. Ndiyo sababu mkulima anashauriwa kurudi kununua baada ya misimu michache badala ya kukata kwake mwenyewe milele.

Kasi ya kupungua nguvu inategemea jirani. Kwenye jaribio lililofanyika vijiji vya Chato na Mkuranga, wanajamii walikubaliana kung'oa mihogo yote ya zamani kabla ya kupanda iliyo safi, na maambukizi yalikuwa chini kuliko vijiji ambavyo havikufanya hivyo. Hesabu ya vyanzo ni ileile, safari hii kwa kijiji kizima. Kwa shamba moja Chanika, kabla ya kupanda mbegu tembea mita 50 kila upande. Ng'oa maotea, ile mihogo iliyojiotea kwenye shamba la zamani. Kisha tazama uani mwa nyumba za jirani. Ule mti wa kisamvu cha mpira uliopandwa kwa ajili ya mboga ni ndugu wa muhogo, na virusi vya michirizi vimekwisha kupatikana ndani yake hapa Tanzania. Unaishi miaka mingi, haung'olewi wakati wa mavuno, na mwenyewe hatakubali uukate. Usigombane naye, sogeza shamba la mbegu.

Kung'oa wagonjwa mapema kunasaidia batobato, kwani katika miezi miwili ya kwanza uliozaliwa mgonjwa unaonekana wazi, nao ukitoka chanzo kinatoka. Kwa hiyo minne yako ing'olewe sasa, ikatoke shambani na mizizi yake. Kwa michirizi njia hii ni dhaifu, kwa vile dalili zinachelewa na nzi wanakuwa wameshapita.

Ripoti yako usiandike "shamba halina michirizi ya kahawia". Andika: mimea 30 ilikaguliwa ikiwa na miezi mitatu, majani ya chini yalitazamwa au hayakutazamwa (hili unalijua wewe), dalili za majani na shina sifuri, batobato minne, yote ya nzi kwa kuwa majani ya chini ni mazima, mizizi haijakaguliwa, kipimo cha maabara hakijafanyika. Kisha mkumbushe mkulima kwamba mtarudi ikiwa na miezi sita, kabla kiangazi hakijaangusha majani ya chini, kuchuma majani 300 ya maabara. Siku ya mavuno nenda tena na kisu kikali. Ng'oa mimea katika sehemu mbalimbali za shamba, pasua kila mzizi vipande kwa kukata kwa upana mara tano, na mpe kila mzizi alama ya 1 hadi 5 kwa eneo lililogeuka kahawia, kabla pingili yoyote haijafungwa kwenye fungu.